Sola ya maji au shawa ya umeme? Baridi ya Dodoma inanimaliza

Mchelewaji: Wakuu, kipi bora kwa familia ya watu wanne? Simtanki langu liko kwenye stendi ya mita 3. Bajeti inabana.

BabaNeema: Sola tu. Jua la Dodoma la bure, LUKU utaisahau.

Mama Wawili: Mie nachemsha kwa mkaa, ndoo moja tunaoga watoto watatu. Vijana mmezoea raha.

Fundi Kimya: Maji ya wapi, bomba au kisima?

Mchelewaji: Ya kawaida tu mkuu.

Fundi Kimya: Kawaida ipi? Sabuni inatoa povu?

Mchelewaji: Kisima. Yana chumvi kidogo. Ukweli shawa nilishanunua, ya kilowati 5.5, ilikuwa na punguzo. Wife akishika koki anahisi kama sisimizi mkononi. Lakini fundi aliyefunga alisema ni kawaida.

Fundi Kimya: Zima breka SASA. Hao sisimizi ni umeme. Shawa za bei rahisi koili yake iko uchi ndani ya maji, na maji ya chumvi yanapitisha umeme hadi kwenye koki. Kuna zenye koili iliyofunikwa, ndizo za kisima. Waya wa ethi umeunganishwa? Na laini umevuta wapi?

Mchelewaji: Kwenye soketi ya jikoni, waya wa 2.5. Ethi fundi aliikata, alisema inasumbua. Lakini inawaka vizuri!

BabaNeema: Ethi si lazima, breka itakata.

Fundi Kimya: Breka ya kawaida haioni umeme mdogo unaopita mwilini, hiyo ni kazi ya ile inayokata kwenye miliampia 30. Na shawa hiyo inavuta karibu ampia 24: inataka laini yake, waya wa 6 na breka ya 32.

Kijiwe: Nani anakata ethi kisha anakuja kuomba ushauri? Chai hii. Ni muuza sola anatafuta wateja.

Mchelewaji: Ningekuwa nauza ningelalamikia bajeti? Njoo ushike koki mwenyewe.

Kijiwe: 😂 Tuma nauli.

Fundi Kimya: Kama ni chai, sola haimsaidii. Paa lako lina urefu gani?

Mchelewaji: Mita 4 hivi.

Fundi Kimya: Basi sola ikikaa juu ya paa, maji ya simtanki hayaifikii. Hata shawa, ikiwa mita 2 kutoka sakafuni, unabaki na mita moja tu ya msukumo. Mle ndani kuna mpira unaosukumwa na maji ndipo iwake. Yakiwa machache inazimazima, au inawaka na maji hayatoshi, koili inaungua.

Mchelewaji: Ndiyo maana ya kwanza iliungua.

Kijiwe: Ya KWANZA?!

Mama Wawili: Nilisema ndoo.

Mchelewaji: Breka nimezima. Nikiinua stendi mita 2, mbao zitahimili?

Fundi Kimya: Lita ngapi?

Mchelewaji: 2,000.

Fundi Kimya: Tani mbili juu ya mbao? Tuma picha ya stendi kwanza.