Tupeane uzoefu: tagi za HiLight zimekuokoa au zimekuangusha?

Mteremko wa Ngong
Wadau, jana kijana mmoja kwenye kundi letu la baiskeli alinipa kadi ya GoPro nimkatie klipu za Ngong Hills. Mambo ya maana kumi hivi, yamezama ndani ya saa nzima na zaidi ya upepo na kofia ya mwenzake wa mbele. Nikamuuliza, "Ulibonyeza tagi, ile alama ya kuonyesha jambo lilipotokea?" Akaniangalia kama nimeuliza PIN yake ya M-Pesa. Nikakumbuka miaka niliyokuwa nikikaa usiku nikitazama kila kitu mwanzo hadi mwisho. Hebu tupeane: wewe unatagi vipi ukiwa barabarani, na ukifika nyumbani unazitumiaje?

Rongai Reli
Mimi nabonyeza kitufe cha Mode tu wakati inarekodi. Yenyewe inakata klipu na kuiweka kando.

Mteremko wa Ngong
Haikati chochote, ndugu yangu. Inaweka alama ya saa ndani ya faili lile lile. Ukiangalia ndani ya kamera au kwenye programu ya Quik utaona alama kwenye mstari wa muda, lakini kukata ni kazi yako. Labda Quik ilikutengenezea video yenyewe kwa kufuata tagi, ukadhani ni kamera.

Rongai Reli
Haya, labda. Lakini klipu nilipata.

Bi Fundi Video
Naomba niandike kwa kirefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hupotea.

La kwanza, tagi huja baada ya tukio. Mtu anaruka, anatua salama, anapiga kelele, anakumbuka kamera, ndipo kidole kinafika kwenye kitufe. Kwa hiyo ukiikuta alama usianze kukata hapo hapo. Mimi hurudi nyuma sekunde ishirini, natazama, kisha ndipo naamua. Mteja mmoja wa pikipiki huchelewa sekunde tano tu, mwingine wa baiskeli hungoja afike chini ya mteremko mzima. Jua tabia ya mtu wako.

La pili ni sura za faili. Kamera hukata rekodi ndefu vipande vipande. Yangu, nikirekodi 4K kwa megabiti 60 kwa sekunde, kila kipande cha GB 4 kinajaa kwa karibu dakika tisa. Vinaitwa GX010087.MP4, GX020087.MP4, GX030087.MP4. Tarakimu mbili baada ya GX ndizo namba ya kipande, na nne za mwisho ndizo namba ya rekodi. Tagi inahesabiwa tangu mwanzo wa kipande chake, si tangu ulipobonyeza kuanza kurekodi.

Juzi nililetewa safari ya Ngong, mwenyewe ameandika kwenye karatasi "7:42, nimeruka jiwe". Vijana wakaunganisha vipande vyote kuwa mstari mmoja, wakaenda 7:42, wakakuta anakunywa maji. Ile tagi ilikuwa ya kipande cha pili. Kwenye mstari wao ilikuwa dakika ya kumi na sita na nusu hivi. Nilirudi kwenye faili lenyewe, nikaanza mapema, nikakata hivi:

```
ffmpeg -ss 00:07:20 -i GX020087.MP4 -t 40 -c copy jiwe.mp4
```

Sekunde arobaini, mruko umo katikati. Hiyo `-c copy` haigusi ubora, ila inaweza kuanza mapema kidogo kuliko ulivyoandika, kwa sababu inarudi hadi fremu kamili iliyotangulia. Haidhuru, ukishaacha nafasi mwanzoni. Jua tu kwamba `jiwe.mp4` haitakuwa na tagi tena.

Kamau wa Drone
Naunga mkono hilo la sura. Limeniua mara nyingi.

Mama Kuku Karura
Mnanikumbusha Karura! Nilikuwa nimesimama karibu na maporomoko, kamera iko kwenye mkono wa selfi nimeuegemeza kwenye begi. Tumbili akashuka mtini, akanyakua vyote, akapanda. Mtoto analia, mimi napiga kelele, mlinzi anakuja mbio na fimbo. Tumbili yuko juu anatafuna kamera kama hindi la kuchoma! Ilikaa huko hadi alipochoka akaitupa kwenye majani. Ilikuwa bado inarekodi. Nilipofungua Quik nikakuta tagi zimesongamana sehemu moja, zote za meno yake.

Kamau wa Drone
Video iko wapi?!

Rongai Reli
Dada, tuma. Leo hii.

Askari wa Msitu
Begi lilikuwa na ndizi, si ndio? Watu wanalisha tumbili halafu wanashangaa. Imekatazwa.

Mama Kuku Karura
Bwana, mimi sikumlisha mtu. Ilikuwa ni chapati, na ilikuwa imefungwa.

Askari wa Msitu
Chapati ni chakula pia.

Mteremko wa Ngong
Wapendwa, tumbili tutamrudia. Dada, hizo tagi zilisaidia kupata sehemu?

Mama Kuku Karura
Sana. Hapo penye msongamano ndipo alipokuwa anatafuna. Nikarudi nyuma nikapata mkono wake unakuja. Video niliituma kwa WhatsApp kwa dada yangu aihifadhi, kisha nikafuta kwenye kadi. Sasa ile ya dada haina alama hata moja.

Bi Fundi Video
WhatsApp ikibana video inaandika faili upya, na alama hubaki nyuma. Hifadhi ile ya asili kwanza, ndipo utume nakala.

Pikipiki Thika Road
Mimi kidole hakifai. Glavu nene, mwendo, matatu zinakufinya, hutaki kuachia usukani kutafuta kitufe. Nikawasha amri ya sauti, nikasema "GoPro HiLight". Kwa mwendo mdogo inasikia. Ukifika Roysambu ukaongeza kasi, upepo unakuwa ndiye anayeongea. Na Kiswahili haijui.

Rongai Reli
Basi washa HindSight. Inashika yaliyopita, hauhitaji tagi.

Bi Fundi Video
Hilo ni jambo jingine kabisa. HindSight, kuanzia Hero9, inaweka akiba ya sekunde 15 au 30 kabla hujabonyeza kurekodi. Inafaa ukisubiri tukio moja, kwa mfano ndege aruke. Kwa safari nzima inamaliza betri, na ukiwa tayari unarekodi haikusaidii kutafuta chochote.

Kamau wa Drone
Mimi sitagi. Jambo likitokea nafunika lenzi kwa kiganja sekunde moja. Ukifungua kwenye laptopu unaona giza kati ya picha ndogo, unajua ni hapo. Inafanya kazi na kamera yoyote, hata ya bei ya Luthuli.

Pikipiki Thika Road
Kwa pikipiki, mkono kwenye lenzi ya helmeti kwa kasi ile? Hapana, asante.

Kamau wa Drone
Kwenye taa nyekundu, bosi.

Pikipiki Thika Road
Thika Road ina taa gani?

Mteremko wa Ngong
Bi Fundi, swali la mwisho: betri ikifa katikati, tagi za kipande kile zinabaki?

Bi Fundi Video
Kwangu kamera ilipokatika, ilikarabati faili nilipoiwasha tena, video ikabaki, tagi za kipande kile sikuziona. Mwenzangu anasema zake zilibaki. Sijui tofauti iko wapi.

Askari wa Msitu
Mama Kuku, bado tunangoja hiyo video.