Kuomba usiri unapoomba kazi: niandike kwenye barua au niseme kwa mdomo?

Mhasibu wa Ziwa: Habari wakuu. Kuna kazi imetangazwa, mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa. Bosi wangu hajui kama natafuta kwingine, na akijua sitakaa kwa amani. Niandike kwenye barua kwamba naomba iwe siri, au ninyamaze mpaka wakiniita kwenye usaili? Rafiki yangu anasema ukiandika unaonekana una matatizo kazini.

Binti Pangani: Maelezo hayatoshi. Uko serikalini au kampuni binafsi? Na kwenye wadhamini umemweka nani?

Kaka Mtumishi: Siri ya nini? Mtumishi anatakiwa kupitisha barua kwa mwajiri wake. Mimi nilizungushwa wiki tatu kupata saini, lakini ukiruka hatua hiyo maombi yako hayaendi popote.

Mhasibu wa Ziwa: Samahani, sikufafanua. Ni kampuni binafsi hapa Mwanza, tunauza vifaa vya ujenzi, na hao wanaotangaza wanauza vitu hivyohivyo. Wadhamini ni watatu. Wa kwanza ni bosi wangu.

Binti Pangani: Jamani! Unaomba siri huku namba ya bosi umewapa mwenyewe? Itoe leo.

Mzee wa Mafaili: Nimekaa miaka 9 ofisi ya rasilimali watu, kwa hiyo naongea nilichokiona. Kuomba usiri hakumharibii mtu jina, maombi ya namna hiyo tulikuwa tunayapata kila mara. Andika, ila iwe sentensi moja mwishoni mwa barua, bila kumlalamikia bosi: "Mwajiri wangu wa sasa hana taarifa ya maombi haya, naomba asiwasiliane naye mtu yeyote kabla sijakubali ofa ya maandishi."

Wengi wanakosea hapa: barua na wasifu huwa vinaachana. Barua inabaki kwenye faili, wasifu unatolewa nakala kwa kila msaili, na anayepiga simu kwa wadhamini anashika wasifu tu. Sentensi ileile irudie kwenye wasifu, juu kabisa ya majina ya wadhamini. Na nafasi ya bosi mweke aliyewahi kukusimamia ulikotoka, au mkaguzi wa nje aliyepitia vitabu vyako.

Shemeji wa Nyamagana: Mimi napinga kuandika. Niliandika vizuri kabisa, tena kwa wino mzito. Jumatatu nimepeleka, Alhamisi bosi ananiita, ananiambia, "Nasikia unatuaga." Alikuwa ameshika kalamu, anaigongagonga mezani, hata hakunyanyua macho. Kumbe meneja wa kule anasali naye kanisa moja, akamuuliza tu kwa nia njema kama mimi ni mchapakazi. Sikufukuzwa, lakini nilinyang'anywa funguo za stoo, safari za mikoani zikaisha, na kazi yenyewe sikuipata. Tangu siku hiyo, kwanza napiga simu nauliza ni nani atakayefungua maombi. Jibu likinitia shaka, sipeleki.

Mwanasheria wa Mtaani: Ungewashtaki. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, hawaruhusiwi kutoa taarifa zako kiholela. Na bosi hawezi kukufukuza kwa kutafuta kazi.

Mzee wa Mafaili: Sheria ipo, na kufukuza kunahitaji sababu halali na utaratibu wa haki tangu ile Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Lakini neno lililosemwa nje ya kanisa utalithibitishaje? Na kunyang'anywa funguo si kufukuzwa.

Mama Kijacho: Na siku ya usaili utaaga vipi? Mimi nilisema naumwa, kumbe cheti cha daktari kinatakiwa.

Binti Pangani: Usidanganye ugonjwa, dada. Chukua siku moja ya likizo yako ya mwaka, au omba usaili wa saa 2 asubuhi.

Kaka Mtumishi: Bado naona kumficha bosi aliyekulea kikazi si uungwana.

Shemeji wa Nyamagana: Uungwana ni kumpa notisi yake ya siku 28 na kukabidhi vitabu vikiwa safi. Kabla ya hapo hana analokudai.

Mhasibu wa Ziwa: Nashukuru. Bosi nimemtoa, sentensi nimeiweka kote kuwili. Na maombi nilitaka kuyatuma kwa barua pepe ya ofisini, hilo nimeliacha. Swali moja: wakinipa ofa halafu waseme lazima waongee na bosi kabla ya mkataba?

Mzee wa Mafaili: Hapo ndipo pagumu. Waombe mkataba usainiwe kwanza, wenye sharti kwamba wataongea naye ukishatoa notisi. Wengine wanakubali, wengine wanakataa katakata.

Mama Kijacho: Wakikataa, mimi ningeondoka.

Shemeji wa Nyamagana: Mimi ningewapa namba ya mhasibu mkuu badala ya bosi. Mhasibu wa Ziwa, huyo mkuu wako mnaelewana?