Nimonia ya mtoto: dawa siku 5 au 10?

Mama wa Mbagala: Mwanangu ana mwaka 1 na miezi 2, kilo 10 na nusu. Zahanati wamesema ni nimonia, wakampa amoksilini ya siku 5. Mama mkwe anasema dozi ya kifua ni siku 10, ninunue nyingine dukani. Nimsikilize nani?

Baba wa Tandika: Mama mkwe yuko sahihi. Ukikatisha dawa, wadudu wanakuwa sugu. Mimi nilikunywa za TB miezi 6, na nafuu niliipata mapema tu.

Muuguzi wa watoto, Temeke: Pole kwa TB, kaka, ila vimelea vyake hukua polepole na vingine hujificha, ndiyo maana ya miezi yote ile. Vya nimonia hii huzaliana haraka, na amoksilini huua vingi siku za mwanzo. Kinachobaki ni uvimbe na kikohozi, ambavyo dawa haiondoi. Ukiongeza siku, unavipiga vimelea vingine vya puani na tumboni, vinabaki vile sugu.

Mama, hesabu vidonge. Kwa kilo hizo ni 2 vya miligramu 250 vinavyoyeyuka, asubuhi na jioni, jumla 20 kwa siku 5. Ninachokiona mara nyingi ni mzazi kutoa 1 badala ya 2 ili dawa idumu. Hapo ndipo mtoto hapati nafuu.

Muuza dawa, Kinondoni: Mbona hata siku 3 zinatosha? Malawi walishathibitisha.

Muuguzi wa watoto, Temeke: Utafiti wa Lilongwe, uliochapishwa 2020, ulikuwa na watoto karibu 3,000 ambao kifua kilibonyea wanapovuta hewa. Tiba ilishindikana kwa asilimia 5.9 ya waliopewa siku 3, na asilimia 5.2 ya waliopewa siku 5. Lakini wenye VVU, utapiamlo mkali au dalili za hatari hawakuwemo. Na kule Israeli, katika utafiti mdogo wa nimonia iliyoonekana kwenye eksirei, siku 3 ziliwashinda watoto 4 kati ya 10. Wa siku 5 hakushindwa hata mmoja. Kwa hiyo usimpunguzie mtu dozi dirishani.

Mama wa Mbagala: Juzi alihema mara 48 kwa dakika, leo 36. Ananyonya, ila kikohozi kipo palepale.

Muuguzi wa watoto, Temeke: Chini ya 40 kwa umri wake, akiwa ametulia, ni nafuu ya kweli. Kikohozi kinaweza kufika wiki 2. Maliza hizo 20, usinunue nyingine. Akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea, mpeleke hata usiku.

Bibi wa Ilala: Mjukuu wangu ana selimundu. Naye siku 5?

Muuguzi wa watoto, Temeke: Hapana bibi, huyo tusimpimie hapa. Akipata homa na kuhema haraka aende hospitali siku hiyohiyo. Muda wa dawa wataupanga wakimwona.

Baba wa Tandika: Nimekuelewa kuhusu TB. Ila wangu akikohoa bado siku ya 5, sijui kama nitaweza kuacha.