Tupeane uzoefu: shambulio la hofu na wasiwasi usioisha

Mgeni wa Usiku: Wakuu, nimekaa zangu tu, moyo ukaanza kwenda mbio, pumzi ikawa haitoshi, midomo na vidole vikafa ganzi. Nikajua nakufa. Kufika hospitali hali imeshatulia, kipimo cha umeme wa moyo hakina shida. Imerudi mara nne, daktari anasema ni mashambulio ya hofu. Dada yangu ana wasiwasi wa miaka, ila hili halijui. Ni ugonjwa mmoja? Mlitibiwaje?

Kipepeo: Mimi ni kama dada yako. Kwangu hakuna kilele, ni mzigo wa kutwa: shingo na mabega yamekaza, nasaga meno, usingizi wa mang'amung'amu, leo nawaza kazi, kesho watoto. Mwanasaikolojia alinitengea nusu saa ya kuwaza kila jioni. Wazo likija asubuhi, naliandika, linasubiri. Ikifika jioni, mengi yamepoa.

Mbaazi: Pumulia ndani ya mfuko wa karatasi, na tembea na diazepamu mfukoni. Ndivyo ninavyoishi.

Nesi Mstaafu: Mbaazi, ganzi kweli inatokana na kuhema haraka, kabonidayoksaidi inapungua mwilini. Lakini mfuko uache, kwani kama ni pumu au moyo utamdhuru mtu. Diazepamu inatuliza upesi, ila mwili huizoea, na wewe unaamini kidonge ndicho kilichokuokoa. Shambulio hufika kileleni ndani ya dakika kama kumi, kisha hushuka lenyewe.

Tumbiri: Mie moyo ulienda mbio hivyohivyo, nikakonda, kumbe tezi ya shingo. Pimeni damu jamani.

Subira: Mgeni, mimi ni mwenzako. Nilishaacha ngazi, nikaacha na kahawa, maana kila moyo ukidunda nilidhani ndiyo limeanza. Tabibu wangu akanifanya niyatafute yale yale ninayoyakimbia: kuzunguka kwenye kiti dakika moja mpaka kizunguzungu, kukimbia bila kutoka nilipo, kupumua kwa mrija. Siku ya kwanza hofu nane kwa kumi, nililia. Tukarudia pale pale, ikawa sita. Nyumbani nilifanya kila siku, na wiki ya tatu kiti kilinipa kizunguzungu tu, hofu mbili. Nilitumia na setralini. Wiki ya kwanza ilinizidishia mtetemo, ndiyo maana walianza na dozi ndogo. Nafuu niliiona baada ya mwezi.

Kipepeo: Setralini hata mimi nimepewa! Kumbe dawa moja. Hicho kiti sikuwahi kuambiwa, mimi nilifundishwa kulegeza misuli na kupumua taratibu.

Nesi Mstaafu: Kwa sababu wewe huogopi mapigo yako, Kipepeo, unaogopa kesho. Mwenzio anauogopa mwili wake. Ila Mgeni, usianze kiti kabla daktari hajaridhika na moyo wako.

Mgeni wa Usiku: Nimeelewa, nitamuuliza. Kinachonitatiza ni huko kupumua taratibu. Nikianza kuhesabu pumzi ndiyo kwanza moyo unashtuka. Kuna mwingine yanamkuta haya?