Klipu zenye flashi: onyo linatosha, au flashi zipunguzwe kabisa?

Mleta mada: Wakuu, nina klipu ya sekunde 8, kiongozi anaingia ukumbini na wapiga picha wanamrushia flashi. Mwenzangu anasema onyo mwanzoni halitoshi, flashi zenyewe zipunguzwe kwa ajili ya wenye kifafa cha mwanga. Nimepitisha filta sura zimekuwa kama mizimu. Je, ni haki kulazimisha kila anayepandisha video afanye hivi?

Mpiga picha: Onyo linatosha. Mtu mzima akiambiwa kuna flashi na bado akatazama, hapo tumlaumu nani? Mi nimepiga picha za matukio miaka mingi, flashi ni sehemu ya tukio, ukiitoa umebadilisha kilichotokea. Leo tunatoa flashi, kesho tutaambiwa tutoe na radi.

Mama wa watoto wawili: Kaka, nakuheshimu ila sikubaliani na wewe hata kidogo. Mwanangu alianguka mara ya kwanza akiwa na miaka 11, alikuwa anaangalia video ya muziki kwenye simu, taa za jukwaani zinawaka na kuzima, mara macho yakaganda, mkono ukaanza kurukaruka na simu ikadondoka. Kabla ya siku ile hatukujua kabisa kama ana tatizo, sasa hilo onyo angelisoma kama nani? Onyo ni la mtu ambaye tayari anajijua. Halafu siku hizi video inaanza yenyewe ukiwa unashuka tu na kidole, onyo na flashi vinafika pamoja.

Kijana wa simu: Nadhani tunakuza jambo, dawa yake ni kupunguza mwanga wa skrini, au avae zile miwani za kuzuia mwanga wa bluu. Mimi kichwa kilikuwa kinaniuma nikitazama simu usiku, nilipovaa kikaisha.

Mhariri wa video: Mdogo wangu, hayo ya kichwa na mwanga wa bluu ni mada nyingine. Kwenye kupunguza mwanga uko nusu sahihi, skrini hafifu na kukaa mbali nayo vinasaidia kweli kwa sababu flashi inakuwa ndogo na dhaifu machoni. Lakini shida kubwa ni kupanda na kushuka kwa mwanga mara nyingi ndani ya muda mfupi, na sehemu ya skrini inayofanya hivyo. Kanuni wanayofuata watu wa televisheni ni kwamba zisizidi flashi 3 ndani ya sekunde 1 kama zinachukua zaidi ya robo ya skrini, na nyekundu iliyokolea inahesabiwa hata kama mwanga wake haupandi sana. Mnaokumbuka Japani tarehe 16 Desemba 1997, katuni ya Pokémon ilirusha nyekundu na bluu kama mara 12 kwa sekunde, na watu zaidi ya 600, wengi wao watoto, wakapelekwa hospitali.

Mleta mada nikuulize, hiyo klipu umeiharakisha?

Mleta mada: Ndiyo mkuu, orijino ni sekunde 16, nimeifanya mara mbili ili isichoshe.

Mhariri wa video: Basi hatari umeitengeneza mwenyewe bila kujua. Tuseme pale palipozidi kulikuwa na flashi 4 ndani ya sekunde 2, yaani 2 kwa sekunde, hiyo ilikuwa inapita. Ulipoharakisha, zile 4 zimebanana ndani ya sekunde 1 na umevuka mpaka. Rudisha mwendo wa kawaida hapo tu na umemaliza, filta huihitaji.

Kama lazima iende haraka, ifungue kwenye programu ya kuchezea video ya mpv, isimamishe halafu bonyeza nukta, inasogea fremu moja moja. Flashi ya kamera mara nyingi inakaa kwenye fremu 1 tu, utaiona imekuwa nyeupe ghafla kati ya fremu mbili za kawaida. Kwenye programu yako ya kuhariri, chukua fremu iliyotangulia uiweke juu ya ile nyeupe. Kwa fremu 25 kwa sekunde jicho halishtukii kabisa. Toa 2 kati ya zile 4, mtazamaji bado ataona wapiga picha wako kazini. Ila angalizo, hesabu sekunde yoyote ile, siyo ya saa tu, maana 2 za mwisho wa sekunde hii na 2 za mwanzo wa inayofuata ni 4 zilezile.

Mleta mada: Na ile mizimu ilitoka wapi sasa? Nilitumia ffmpeg na filta yake ya photosensitivity.

Mhariri wa video: Ile filta ikiona mabadiliko yamezidi inachanganya fremu mpya na zilizopita ili mwanga usiruke. Sasa mtu anayetembea alikuwa kushoto, ameshafika katikati, wewe unawaona wote wawili. Legeza kidogo, threshold ya kawaida ni 1 na ukishusha inakuwa kali zaidi, ukipandisha inalegea:

```
ffmpeg -i klipu.mp4 -vf "photosensitivity=frames=25:threshold=1.3,format=yuv420p" -c:a copy mpya.mp4
```

Hiyo frames ni idadi ya fremu inazozipima pamoja, kwa video ya fremu 25 kwa sekunde ni sekunde 1 kamili. Na hiyo format mwishoni usiisahau, bila hiyo faili linaweza kutoka kwa aina ya rangi ambayo simu nyingi hazifungui. Ukishalegeza hesabu tena kwa nukta, kwa sababu filta kupita haina maana klipu imepona. Na michirizi myeusi na myeupe iliyotulia haigusi kabisa, wakati nayo inaweza kumwangusha mtu.

Mpiga picha: Haya, kwa klipu ya kuharakisha nimekubali, hiyo ni hariri siyo tukio. Ila picha za ushahidi je? Mlipuko, risasi usiku, maandamano. Ukibandika fremu ya zamani juu ya mpya, hiyo siyo kughushi?

Mhariri wa video: Hapo una hoja. Hata Ofcom, wasimamizi wa utangazaji kule Uingereza, wanaacha mlango, kama haiwezekani kufuata kanuni na kuna sababu ya kihabari ya kuonyesha, unatoa onyo la mdomo mwanzoni, na la maandishi ikibidi. Lakini ona mpangilio wao, onyo ni pale njia nyingine imeshindikana. Mimi ningeweka nakala iliyopunguzwa ndiyo ianze, na orijino ibaki nzima kwa anayeitaka aibonyeze mwenyewe.

Mpiga picha: Na wengi wataishia kuiona ile iliyoguswa wakidhani ndiyo ukweli. Hapo bado sijaridhika.

Mama wa watoto wawili: Mimi hiyo ya nakala mbili naichukua. Na mkiwa hapo, mtu akikutwa na flashi ghafla asifumbe macho tu, tuliambiwa mwanga unapenya kope na unakuwa mwekundu. Afunike jicho moja kwa kiganja na ageuze uso pembeni. Mwanangu sasa anafanya hivyo mwenyewe.

Mleta mada: Nimerudi. Nimehesabu kwa nukta, sekunde ya 3 hadi ya 4 kulikuwa na 5 siyo 4. Nimebandika fremu 3, zimebaki 2, na mizimu hakuna. Nimechukua kama dakika 10. Mpiga picha, orijino nimeihifadhi, na kwenye maelezo nimeandika kwamba flashi 3 zimeondolewa na ni kwenye sekunde ipi.