Mrejesho: swali la grafu ya viatu, bei ya ngozi na kipato vikipanda pamoja

Swali langu lilikuwa: "Ngozi imepanda bei, na kipato cha wanunuzi kimeongezeka. Mkunjo upi unahama, na bei ya viatu inakuwaje?"

Asanteni sana, nimelimaliza. Kilichonisaidia ni ushauri wa kutenganisha matukio na kuchora moja baada ya jingine.

Nilianza na mahitaji Q = 100 − 5P na ugavi Q = 10P − 20. Mikunjo inakutana bei ikiwa 8 na kiasi 60. Ngozi ni gharama ya mtengenezaji, kwa hiyo ugavi ndio unaohama kwenda kushoto, tuseme Q = 10P − 50. Bei inakuwa 10, kiasi 50. Hapo mahitaji hayajahama hata kidogo. Wanunuzi wamepanda tu juu ya mkunjo uleule kwa sababu ya bei.

Kisha kipato. Mahitaji yakihamia kulia hadi Q = 115 − 5P, bei inafika 11 na kiasi kinarudi 60. Yakifika Q = 130 − 5P, bei ni 12, kiasi 70.

Kwa hiyo bei inapanda kwa vyovyote, kwani mihamo yote miwili inaisukuma juu. Kiasi ndicho kisichojulikana mpaka uambiwe mhamo upi ni mkubwa, na zoezi halikusema. Nimeandika "bei inapanda, kiasi hakijulikani", na mwalimu ameipa alama zote. Nimefurahi kweli!