Ushauri: shedyuli mbili za bima ya duka (picha nimeweka). Ipi italipa kweli duka likiungua au likivunjwa?

MamaVitenge_DSM

Wakuu, habari za jioni. Nina duka la vitenge na mashuka Kariakoo, ghorofa ya chini. Bima yangu inaisha mwisho wa mwezi, na nimeletewa nyingine ya kampuni tofauti. Nimepiga picha kurasa za mwanzo za zote mbili, nikaziita A, niliyonayo sasa, na B, hiyo mpya. B inazidi kwa elfu 85 kwa mwaka.

Kwa wasiosoma vizuri picha, nimenakili:

A. Moto: mzigo 40,000,000, averaji inatumika, eksesi asilimia 5 ya dai, isipungue 500,000. Wizi wa kuvunja: 10,000,000, fasti losi, eksesi asilimia 10, isipungue 500,000. Mafuriko: halijachukuliwa.

B. Moto: mzigo 40,000,000, averaji ya asilimia 85, eksesi asilimia 10, isipungue 1,000,000. Wizi wa kuvunja: 40,000,000, eksesi hiyohiyo. Mafuriko: limo, eksesi asilimia 10, isipungue 2,000,000.

Kwenye daftari, mzigo kwa bei ya kununulia ni milioni 64 leo. Miezi ya mauzo kidogo hushuka hadi 45, na kabla ya Ramadhani hufika 80. Mimi naona B ni bora kwa sababu wizi ni milioni 40 badala ya 10. Nisaidieni kabla sijalipa.

Jembe_la_Mnazi

Dada, chukua B bila kufikiria mara mbili. Milioni 40 na 10 hazilingani. Ila jihadhari na moto wa umeme. Ukurasa wa pili wa A, mstari wa nne, wametoa hitilafu ya umeme. Maduka mengi ya Kariakoo huungua kwa shoti, kwa hiyo A haikufai kabisa. Halafu andika mzigo kwa bei ya kuuzia, ili ukilipwa upate na faida yako.

Kikokotoo_na_Kalamu

Dada, subiri kidogo. Nimekuza picha zote mbili, na hapo kuna mambo mawili ya kurekebisha kabla hatujapiga hesabu.

Mstari wa nne wa A haujatoa moto wa umeme. Soma mpaka mwisho wa sentensi: umetoa uharibifu wa kifaa cha umeme chenyewe unaotokana na shoti, umeme kuzidi au joto lake lenyewe. Swichi kubwa ikiungua, swichi hiyo ni yako. Moto ukitoka kwenye swichi ukashika marobota ya vitenge, marobota hulipwa. Mstari wa namna hiyo upo pia kwenye B, ukurasa wa tatu, ila umechapwa kwa herufi ndogo zaidi.

Bei ya kuuzia nayo haitakusaidia. Bima ya mzigo hurudisha gharama ya kuupata mzigo, yaani bei ya kununulia pamoja na usafiri mpaka dukani. Ukiandika kwa bei ya kuuzia utalipia premiamu kubwa, na siku ya dai mkadiriaji atafungua ankara zako za manunuzi na kurudi kwenye bei ile ile.

Sasa averaji, yaani dai kupunguzwa kwa uwiano pale bima uliyokata ikiwa ndogo kuliko thamani ya mzigo, kwa sababu hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Chukua moto ulioteketeza mzigo wa milioni 24 leo, duka likiwa na 64. Umekatia bima 40, na 40 kwa 64 ni asilimia 62.5. Kampuni A itasema umebeba mwenyewe sehemu iliyobaki. Kwa hiyo 24,000,000 mara 62.5 kwa mia ni 15,000,000. Toa eksesi, yaani sehemu ya dai unayoibeba mwenyewe, asilimia 5, ambayo ni 750,000, na mkononi unapata 14,250,000. Mzigo ulioungua ni wa 24, na hakuna aliyekudhulumu. Namba ya 40 uliiandika wewe.

Kwa B leo ni hivi: asilimia 62.5 iko chini ya 85, kwa hiyo averaji inakukuta vilevile. Unabaki na 15,000,000, unatoa asilimia 10, unapokea 13,500,000. B ni ghali zaidi, na kwa moto wa leo inalipa kidogo zaidi.

Geuza, uwe mwezi wa mzigo wa milioni 45. Kwa B, 40 kwa 45 ni karibu asilimia 89, imevuka 85, averaji haigusi kitu. Moto wa 24 unalipwa 24, ukitoa eksesi unapata 21,600,000. Kwa A averaji ingeendelea kukata hata hapo, na ungepata kama 20,270,000. Hiyo ndiyo faida ya averaji ya 85, lakini inafanya kazi tu mtu akiwa karibu na thamani halisi.

Dada_Leja

Nakubaliana na hesabu, ila naongeza swali kwenye ya B. Nimewahi kuona maneno mawili tofauti ya averaji ya 85 kwenye vitabu vya bima. Moja hugawa kwa thamani yote mara tu unapokuwa chini ya 85, kama ulivyofanya. Nyingine hugawa kwa asilimia 85 ya thamani. Kwa maneno hayo ya pili, 85 ya milioni 64 ni 54.4, na 40 kwa 54.4 ni kama 73.5. Dai la 24 linakuwa kama 17.6 kabla ya eksesi. Tofauti ni zaidi ya milioni mbili na nusu. Picha haioneshi kipengele chenyewe, inaonesha namba yake tu.

Kikokotoo_na_Kalamu

Uko sahihi, Dada Leja, na kwa picha hii siwezi kuamua. Shedyuli hutaja namba za vipengele tu, maneno yenyewe yako kwenye kitabu cha bima. Mama Vitenge, omba kitabu cha B kabla ya kulipa, utafute kipengele chenye namba iliyoandikwa chini ya jedwali la moto.

Nirudi kwenye wizi, maana ndio ulikufanya uipende B. Wezi wamevunja geti usiku, wamechukua vitenge vya milioni 12, na dukani mlikuwa na 64.

Kwa A, fasti losi maana yake hukukatia bima mzigo wote dhidi ya wizi, umekatia kiwango cha juu cha hasara moja, milioni 10. Hasara ni 12, kikomo ni 10, toa eksesi asilimia 10, unapokea 9,000,000.

Kwa B hakuna neno fasti losi, na chini ya sanduku la wizi kuna averaji, safari hii bila hiyo 85. Milioni 12 mara 62.5 kwa mia ni 7,500,000. Asilimia 10 yake ni 750,000, lakini eksesi haipungui 1,000,000, kwa hiyo unapokea 6,500,000. Arobaini ya B inakulipa kidogo kuliko kumi ya A.

Hesabu ya A ina shaka moja. Kwenye picha yako kidole gumba kimefunika mstari wa mwisho wa sanduku la wizi. Fasti losi nyingi huwa na mstari unaotaja thamani yote ya mzigo, na ukitaja 40 wakati dukani mna 64, averaji inaweza kupita hapohapo. Laza karatasi mezani mchana, karibu na dirisha, piga bila fleshi, pembe zote nne zionekane, ututumie tena.

Kitu cha mwisho kwenye wizi: zote mbili zinataka alama za kuvunja. Mteja akibeba vitenge mchana, au mfanyakazi akifungua kwa ufunguo, hakuna fidia hata ya shilingi moja.

Chuma_Chakavu

Mimi nina bima kubwa ya gari, na kwenye shedyuli eksesi imeandikwa asilimia 10. Hiyo averaji inanihusu pia? Gari nimeliandika milioni 18.

Kikokotoo_na_Kalamu

Kaka, ya gari inategemea kitabu chako. Angalia kama kuna neno averaji kwenye sehemu ya uharibifu wa gari lako. Likiwepo, na gari linauzwa 24 sokoni, gharama za matengenezo zitakatwa kwa kipimo kilekile. Fungua uzi wako na picha, hapa tutachanganya.

MamaVitenge_DSM

Asante sana, nimeelewa kuliko nilivyoelezwa dukani. Maswali mawili. Mvua kubwa huleta maji mpaka mlangoni, kwa hiyo mafuriko ya B yananivuta. Pili, Novemba 2024 jengo liliporomoka hapa Kariakoo. Likitokea kwangu, A au B italipa mzigo?

Dada_Leja

Kwa mafuriko, kuza picha ya B ukurasa wa pili, waranti ya 3: mzigo wote ukae juu ya sakafu angalau sentimita 15. Marobota yakiwa sakafuni maji yakaingia, wana sababu ya kukataa hata kama premiamu imelipwa. Weka palati za mbao, na kila ukipokea mzigo piga picha yenye tarehe. Waranti ya 5 inataka daftari la mzigo litunzwe nje ya duka. Daftari likiungua pamoja na mzigo, utathibitishaje 64? Peleka nakala nyumbani kila Jumamosi.

Kikokotoo_na_Kalamu

Kuporomoka kwa jengo: hakuna inayolipa kwa karatasi hizi. Zote mbili zinaorodhesha majanga kwa majina, yaani moto, radi, mlipuko na yale yaliyoongezwa, na kuporomoka kwenyewe hakumo. Moto ukianza kwanza, jengo likaanguka kwa sababu ya moto, hapo ni dai la moto. Ukitaka kuporomoka peke yake, omba kiongezwe kwa maandishi na kionekane kwenye shedyuli. Ahadi ya wakala kwa simu haihesabiki.

Ningekuwa nakuandikia maombi, ningeanza na A, si B, kisha niombe mambo matatu: mzigo upande hadi 64, mafuriko yaongezwe, na fasti losi ya wizi ipande hadi 15 huku thamani yote ikitajwa 64. Kupanda kutoka 40 hadi 64 kutaongeza sehemu ya moto ya premiamu kwa kama asilimia 60. Moto wa 24 wa leo ungelipwa 22,800,000 badala ya 14,250,000.

Kabla ya Ramadhani, ukifika 80, averaji itarudi: 64 kwa 80 ni asilimia 80. Waombe waandike nyongeza ya muda kwa miezi hiyo.

Jembe_la_Mnazi

Kwenye umeme nimekosea, nimeisoma upya. Lakini bado nashikilia kwamba B wakikubali 64 ndio ingemfaa, kwa sababu akipita kidogo juu, ile 85 inambeba. Akiwa na 70, A inakata, B haikati.

Kikokotoo_na_Kalamu

Hoja yako ni nzuri kwa moto. Mwisho wake ni kama 75, kwa sababu 64 kwa 75 ni asilimia 85 na kitu. Lakini eksesi ya B ni mara mbili, na kwa dai la 24 kwenye mzigo wa 70 zinakaribiana sana: A kama 20,850,000, B 21,600,000. Sasa itategemea bei watakayotoa kwa 64.

MamaVitenge_DSM

Nimepiga picha ya A upya, bila kidole. Mstari wa mwisho wa wizi unasema: thamani yote 40,000,000. Kitabu cha B wakala amesema ataniletea Jumatatu. Nikikipata nitaweka ukurasa wa averaji hapahapa.